Ada Sifuri, Gharama Ipo

Matangazo ya programu za kutuma pesa nyumbani kutoka ughaibuni husimamia mambo mawili: haraka na nafuu. Hilo la pili ndilo la kuchunguzwa. Tangazo linaponadi “ada sifuri”, mara nyingi faida ya kampuni imejificha kwenye kiwango cha kubadilishia fedha.

Tuseme pauni moja sokoni ni shilingi 170 za Kenya, na programu inatoa 165. Anayetuma pauni 100 kutoka London hakatwi ada yoyote, lakini mama yake Kisumu anapokea 16,500 kwenye M-Pesa badala ya 17,000. Mia tano hiyo haionekani popote kwenye tangazo.

Haraka nayo ni kweli zaidi kwa simu. Benki, au ukaguzi wa kitambulisho kwa mtumaji mpya, huweza kuchukua siku. Cha kulinganisha kabla ya kutuma ni shilingi zitakazopokelewa, si ada.