Mpira unaoipumzisha chuchu

Mfugaji mmoja wa Njombe ametuandikia kwamba tangu anunue mashine ndogo ya kukamulia, ile ya ndoo moja, chuchu za ng'ombe wake hutoka kwenye vikombe zikiwa na rangi ya samawati na ncha ngumu. Anauliza kama apunguze nguvu ya pampu. Kabla ya hapo, akague mapigo.

Wengi hudhani mpira ulio ndani ya kikombe hukamua kwa kubana, kama vidole. Sivyo. Maziwa hutoka mpira ukiwa wazi, yakifyonzwa na pampu, na mvuto huo huivuta damu pia hadi kwenye ncha ya chuchu. Ukiendelea bila kukoma, ncha huvimba na tundu lake husinyaa. Ndiyo maana kati ya mpira na ganda la chuma pameachwa nafasi. Kifaa cha mapigo kikifyonza hewa ya nafasi hiyo, mpira hufunguka. Kikiruhusu hewa ya nje iingie, mpira hujikunja chini ya ncha, maziwa husimama na damu husukumwa kurudi juu. Hilo hutokea kama mara 60 kwa dakika: kila sekunde ina sehemu ya kukamua na sehemu fupi zaidi ya kupumzika. Ndama naye hufanya vivyo hivyo: hufyonza, kisha hulegeza ili ameze, na kila anapomeza chuchu hupata nafuu. Kikombe ambacho mpira wake haujikunji ni ndama asiyemeza kamwe.

Kupima ni rahisi. Washa mashine, ziba vikombe vitatu, tia kidole gumba katika cha nne. Usiposikia kidole kikibanwa na kuachiwa, safisha tundu la hewa la kifaa cha mapigo, kwa kuwa vumbi la banda huliziba. Ukikuta maziwa ndani ya bomba jembamba la hewa, mpira umepasuka.

Mpira pia huchoka bila kupasuka. Mafuta ya maziwa huuingia, ukalegea na kuota nyufa ndogo wanamojificha bakteria wa ugonjwa wa kiwele. Mara baada ya kukamua, suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kwani ya moto yangegandisha protini ya maziwa kwenye mpira. Kisha osha kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo vya maziwa na brashi, usuuze tena.

Mpira wa kawaida hukadiriwa kudumu mikamuo 2,500. Msomaji wetu ana ng'ombe 10 na hukamua mara mbili kwa siku: mikamuo 20, kwa hiyo siku 125. Mwenye ng'ombe 3 asingoje siku 416. Mafuta hayahesabu ng'ombe, na miezi 6 inatosha. Na kiwele kikiisha maziwa, funga mvuto kwanza ndipo uvue vikombe.