Jibu Hasi la Malaria Eldoret na Jeni Iliyofutika

Mji wa Eldoret umekaa katika nyanda za juu za kaunti ya Uasin Gishu, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo baridi hukichelewesha kimelea cha malaria kukomaa ndani ya mbu, hata mara nyingi mbu akafa kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa sababu hiyo daktari wa mjini humo, akiletewa mgonjwa mwenye homa, huuliza mapema kama ametoka safarini Busia, Bungoma, ukanda wa Ziwa Viktoria au Turkana, kisha humpeleka maabara, ambako kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda wa robo saa hivi. Mahali ambapo malaria si nyingi, jibu hasi ndilo linalotarajiwa, na jibu linalotarajiwa huaminiwa bila kuhojiwa. Lakini yapo majibu hasi ya uongo, na miongoni mwake lipo moja lisilotokana na uzembe wa mpimaji wala ubovu wa kifaa, bali na mabadiliko ya urithi wa kimelea chenyewe.

Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mzima. Hutafuta antijeni, yaani protini ya kimelea inayoelea katika damu ya mgonjwa na inayoweza kunaswa na kingamwili zilizotengenezwa kiwandani. Mpimaji huchoma kidole, huchota tone la damu lisilozidi mikrolita 5, hulitia katika kitundu kidogo cha kipimo, kisha hudondosha bafa, yaani maji maalumu yanayopasua seli za damu na kuisukuma damu hiyo ipande polepole juu ya utepe mweupe. Njiani damu hukutana na kingamwili zilizobeba chembe za dhahabu, ambazo huishika antijeni na kusafiri nayo hadi kwenye mstari wa kupimia, ambako kingamwili nyingine zilizogandishwa hapo huinasa, na dhahabu ikishajikusanya huonekana kama mstari mwekundu. Mbele kidogo upo mstari wa udhibiti, ulioandikwa herufi C, unaozikamata kingamwili zenye dhahabu hata kama hazikubeba chochote. Jambo hili huwapotosha wengi: mstari wa C huthibitisha kwamba maji yamepita na kingamwili zingali hai, lakini hauthibitishi kwamba damu iliyotiwa ilitosha, wala kwamba ilitiwa kabisa.

Vipimo vingi vilivyotumika Afrika vimetegemea antijeni moja, HRP2, ambayo ni protini yenye wingi wa asidi amino iitwayo histidini. Ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Hutengenezwa kwa wingi na plasmodiamu falsiparamu, aina ya kimelea inayosababisha karibu malaria yote kali katika eneo hili, na muundo wake una vipande vinavyojirudia mara nyingi, kiasi kwamba protini moja hunaswa na kingamwili kadhaa kwa wakati mmoja na mstari ukakolea hata vimelea vikiwa vichache. Kasoro yake inayojulikana zaidi ni kuchelewa kutoweka, kwa kuwa hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo kipimo huendelea kusema ndiyo pale ambapo kimelea hakipo tena. Antijeni ya pili, pLDH, ni kimeng'enya ambacho kimelea hukihitaji ili kupata nguvu kutoka katika sukari. Nayo hupungua upesi vimelea vinapokufa, na hakuna kimelea kinachoweza kuishi bila yake, ingawa mstari wake kwa kawaida hufifia mapema vimelea vinapopungua, na vipimo vyake kwa jumla havistahimili joto vizuri kama vya HRP2.

Tofauti hiyo ya kuhitajika na kutohitajika ndiyo kiini cha tatizo. Jeni inayobeba maelekezo ya HRP2 iko karibu na ncha ya kromosomu ya 8 ya falsiparamu, na jeni ya ndugu yake HRP3, protini inayofanana nayo kiasi cha kunaswa na kingamwili zilezile, iko karibu na ncha ya kromosomu ya 13. Ncha za kromosomu ni sehemu zinazokatika kwa urahisi vimelea vinapozaliana, na kwa kuwa kimelea kilichopoteza jeni hizo mbili huendelea kuishi, kuongezeka na kumuuguza mtu, hakuna kinachokizuia kuenea. Kikipoteza ya HRP2 pekee, HRP3 inaweza kuleta mstari hafifu vimelea vikiwa vingi. Kikizipoteza zote mbili, kipimo cha HRP2 hakina cha kunasa.

Ufutikaji huo katika vimelea vya wagonjwa uliripotiwa mwaka 2010 kutoka bonde la Amazoni nchini Peru, na kwa muda ulionekana kuwa jambo la mbali. Kisha Eritrea, baada ya malalamiko ya kliniki kwamba wagonjwa wenye dalili za wazi walikuwa wakipata majibu hasi, iligundua kwamba katika hospitali ya Ghinda takriban wagonjwa 8 kati ya 10 wa falsiparamu waliochunguzwa, na katika ile ya Massawa takriban 4 kati ya 10, walikuwa na vimelea visivyo na jeni ya HRP2. Mwaka 2016 nchi hiyo ikaviacha vipimo vya HRP2. Nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowapima watu zaidi ya 12,000 katika Amhara, Tigrei na Gambela, ulikadiria kuwa asilimia 9.7 ya maambukizi ya falsiparamu yangepita bila kuonekana kwa sababu hiyo. Nchini Kenya kwenyewe watafiti walitoa ripoti mwaka 2017 ya vimelea vilivyopoteza jeni hizo katika maeneo mawili yenye malaria. Hiyo haimaanishi kwamba magharibi ya Kenya imefikia hali ya Eritrea. Inamaanisha kwamba mbegu ipo, na kwamba mpaka wa kaskazini, ambao wafugaji na wafanyabiashara huuvuka kila siku, hauzuii kimelea.

Kinachoongeza idadi ya vimelea hivyo ni uteuzi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na pendekezo hilo ni sahihi. Ila mahali ambapo kipimo pekee ni cha HRP2, kimelea chenye jeni hugunduliwa na kuuawa, na kisicho nayo huachwa katika damu hadi mbu akichukue. Shirika hilo huzitaka nchi zibadilishe kipimo pale ambapo asilimia 5 au zaidi ya wagonjwa wa falsiparamu wenye dalili wanakosekana kwa sababu ya jeni iliyofutika, kwa hoja kwamba kuanzia hapo HRP2 huwaacha wagonjwa wengi kuliko ambao wangeachwa na pLDH kwa udhaifu wake wa kawaida.

Mpimaji wa Eldoret atajuaje kwamba jibu hasi lililo mbele yake linastahili kutiliwa shaka? Hapa hadubini, ambayo wengi wamezoea kuiona kama chombo cha zamani, huwa na neno la kusema. Tone nene la damu hukaushwa juu ya slaidi, hutiwa rangi ya Gimsa, kisha huangaliwa kwa lenzi inayotumia mafuta, na mtaalamu huvihesabu vimelea sambamba na chembechembe nyeupe za damu. Tuchukue mfano wa mgonjwa wa kudhaniwa aliyerudi kutoka Lodwar akiwa na homa, kipimo chake cha HRP2 kikawa hasi, na slaidi yake ikaonyesha vimelea 40 kwa kila chembe nyeupe 200. Maabara nyingi hukisia kuwa mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, hivyo hesabu huwa hivi: 40 × 8,000 ÷ 200 = vimelea 1,600 kwa mikrolita. Kipimo kizuri cha HRP2 hutarajiwa kuona vimelea 200 kwa mikrolita, na pengine chini ya hapo, kwa hiyo ukimya wake mbele ya vimelea 1,600 unahitaji maelezo. Kama slaidi ingeonyesha vimelea 2 tu, hesabu ingekuwa 80 kwa mikrolita, na maelezo yangekuwa mepesi zaidi: vimelea ni vichache mno kwa kipimo hicho. Hali hiyo ya pili si adimu kwa mkazi wa nyanda za juu, ambaye kwa kukosa kinga iliyojengwa na maambukizi ya mara kwa mara huanza kuugua vimelea vyake vikiwa bado vichache.

Hata kwa vimelea 1,600 jeni haipaswi kulaumiwa kwanza. Mpimaji mwangalifu hurudia kwa kipimo cha toleo jingine, huangalia kama pakiti ilihifadhiwa penye joto kali, huthibitisha kwa slaidi ya tone jembamba kwamba kimelea ni falsiparamu kweli wala si malarie au ovale, ambazo hazitoi HRP2, na hukumbuka kwamba antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi huweza kuzijaza kingamwili zote na kuudhoofisha mstari, jambo ambalo hutokea kwa mgonjwa mwenye vimelea vingi mno, si huyu. Kisha hupima damu ileile kwa kipimo chenye pLDH ya falsiparamu. HRP2 ikiwa hasi na pLDH ikiwa chanya, damu hudondoshwa kwenye karatasi ya kuchujia, hukaushwa na kupelekwa penye maabara ya PCR, huku mgonjwa akipewa dawa kwa jibu la slaidi bila kusubiri.

PCR ni mbinu ya kunakili kipande teule cha DNA kwa mizunguko 30 au 40 ya kupasha na kupoza, hata kipande kilichokuwa haba kikawa kingi cha kutosha kuonekana, na huweza kugundua kimelea kimoja au pungufu kwa mikrolita. Hata hivyo kuthibitisha kwamba jeni haipo ni kazi ya aina nyingine, kwa kuwa kipande kisiponakiliwa huenda hakikuwepo, au huenda DNA iliharibika karatasini au ilikuwa kidogo mno. Kwa hiyo maabara hutangulia kunakili jeni nyingine za falsiparamu ambazo huwa na nakala moja tu kama HRP2, na sampuli ambayo jeni hizo hazionekani hutupwa nje ya hesabu. Wapo waliotangaza ufutikaji bila hatua hiyo, na takwimu zao ni za kusomwa kwa tahadhari.

Mtego wa mwisho umo katika maambukizi mchanganyiko. Mkazi wa ukingo wa ziwa, anayeumwa na mbu wengi, huweza kuwa na koo kadhaa za falsiparamu kwa wakati mmoja, na ukoo mmoja tu wenye jeni ukitosha kutoa HRP2, kipimo huwa chanya, naye hutibiwa vimelea vyote bila yeyote kujua kwamba baadhi havikuwa na jeni. Mahali penye malaria chache mtu huwa na ukoo mmoja, na ukoo huo ukiwa umepoteza jeni hakuna wa kuuficha. Kwa hiyo uchunguzi wa kutafuta jeni zilizofutika ukifanywa Busia peke yake unaweza kuukadiria ufutikaji chini ya kiwango chake halisi, ilhali wagonjwa wachache wa Eldoret na Turkana, wakipimwa kwa antijeni mbili na slaidi zao zikahesabiwa badala ya kuandikwa tu chanya au hasi, wangeuonyesha mapema zaidi.