Bima ya moto na barua ya benki: hela ikitoka, inakwenda kwa nani?

Wadau, wengi wetu tunaouza nguo, viatu na vipodozi mtandaoni mtaji tumepata benki, na dhamana ni jengo. Inaweza kuwa fremu yako Kiboriloni, au nyumba ya familia kule Marangu, Kibosho au Machame. Kabla ya kutoa hela, benki inakudai bima ya moto ya hilo jengo pamoja na barua kutoka kampuni ya bima. Mimi ni wakala wa bima hapa Moshi, na nimeona watu wengi wanaibeba hiyo barua kutoka kaunta moja kwenda nyingine bila kuisoma. Leo tuisome pamoja.

Kwa kifupi barua inasema hivi: jengo likiungua, benki ndiyo mpokea fidia wa kwanza. Bima umekata wewe na umelipia wewe, ila hela ikitoka benki inachukua kwanza kiasi cha deni lililobaki. Kinachozidi ndicho chako. Kwa hiyo deni likibaki milioni 38 na fidia ikiwa milioni 50, benki haina haki ya kukaa na zote 50. Milioni 12 ni zako.

Barua iliyokaa vizuri huwa fupi, kama hii:

"Kwa Meneja wa Tawi. YAH: Maslahi ya benki yenu kwenye bima ya moto namba ... Tunathibitisha kwamba jengo lililopo Kiwanja Na. ..., Kitalu ..., Kiboriloni, Manispaa ya Moshi, Hati Na. ..., mali ya ..., linalotumika kama duka na stoo ya nguo, limekatiwa bima ya moto ya Sh 90,000,000 kuanzia ... hadi ... Malipo ya bima yamelipwa yote. Benki yenu imeandikwa kwenye mkataba kama mpokea fidia wa kwanza kwa kiasi cha deni lililobaki. Hatutafuta bima hii bila kuwapa taarifa ya maandishi siku 30 kabla."

Ni mistari michache tu, ila kuna sehemu tatu ambazo zikikosewa zinaumiza.

1. Jina na matumizi ya jengo

Huku mlimani hati nyingi bado zina jina la baba au babu, wakati anayekopa ni mtoto. Mwenye jengo aandikwe mwenye jengo, na mkopaji aandikwe mkopaji. Ukikata bima kwa jina lako juu ya nyumba ambayo si yako, siku ya madai utaulizwa wewe umepoteza nini.

Matumizi nayo ni hivyohivyo. Kama fomu inasema "nyumba ya kuishi" lakini vyumba viwili vimejaa mabelo ya mitumba, kampuni inaweza kukataa kulipa kwa sababu ulificha jambo linaloongeza hatari. Na usidhani benki itakuokoa. Kama imeandikwa mpokea fidia tu, inasimama kwenye viatu vyako: dai lako likianguka, na la kwake limeanguka. Kuna kipengele kingine kinachoilinda benki hata kama mteja kavunja masharti, lakini hata hicho kinailinda benki, hakikulindi wewe. Deni litabaki jina lako.

2. Kiasi cha bima

Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Mtu amekopa milioni 60, anakata bima ya milioni 60 ili barua itoke haraka na malipo yawe madogo. Benki inaweza kuridhika kwa sababu deni lake limefunikwa. Wewe je?

Tuseme kulijenga upya jengo lako leo ni milioni 90. Moto unatokea na kuunguza sehemu ya jengo, hasara ni milioni 30. Mikataba mingi ya moto ina kanuni ya uwiano: ukikata bima pungufu, unalipwa pungufu kwa kiwango hichohicho. Umekatia 60 kati ya 90, yaani theluthi mbili. Kwa hiyo unalipwa theluthi mbili ya milioni 30, ambayo ni milioni 20, na hapo bado hawajatoa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba.

Hiyo milioni 20 inakwenda benki. Kama deni lilikuwa milioni 38, limebaki milioni 18. Paa halipo, na hela ya kuezeka haipo mkononi. Ungekatia milioni 90, fidia ingekuwa milioni 30 na ungeweza kuiomba benki itumike kukarabati jengo, maana hata wao dhamana iliyosimama inawafaa kuliko gofu. Omba jambo hili liandikwe mapema kwenye masharti ya mkopo, kwamba hasara ndogo fidia iende kwenye ukarabati. Baada ya moto huna nguvu ya kujadiliana.

Angalizo: usichukue ile namba ya thamani ya soko kwenye ripoti ya mthamini ukaibandika. Ile ina ardhi ndani yake, na ardhi haiungui. Muulize mthamini akuandikie gharama ya kujenga upya jengo peke yake.

3. Tarehe

Bima ya moto kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, mkopo unaweza kuwa wa miaka mitano. Barua ya mwaka jana haihuishi bima iliyokwisha. Kila unapohuisha, omba barua mpya na uhakikishe jina la benki limeandikwa tena kwenye mkataba wenyewe. Barua bila mkataba unaosema hivyohivyo ni karatasi tu. Na lipa kwanza, kwa sababu hapa Tanzania bima haianzi kabla ya malipo. Ukilipa, hakiki namba ya bima yako kwenye mfumo wa TIRA. Isipoonekana, rudi kwa aliyekuuzia siku hiyohiyo.

Na mzigo wako je?

Hili liwaguse wauzaji wa mtandaoni hasa. Barua yote hapo juu inaongelea jengo. Mabelo, viatu, rafu na ile simu ya kupigia picha havimo. Jengo likiungua na stoo ikaenda, benki inalipwa, wewe mzigo umekwenda bure. Omba mzigo uongezwe kama kipengele cha pili chenye kiasi chake, na uulize benki kama nao wameuchukua kuwa dhamana. Kama hawajauchukua, jina lao lisiwepo kwenye kipengele hicho, ili fidia ya mzigo ije moja kwa moja kwako. Risiti za manunuzi piga picha uzihifadhi nje ya stoo, hata kwa kujitumia Wasapu, maana karatasi zilizo ndani zitaungua pamoja na mzigo.

Ukimaliza mkopo, ukichukua hati yako benki chukua pia barua ya kwamba deni limekwisha, uipeleke kampuni ya bima wafute jina la benki. Lisipofutwa, moto ukitokea fidia yako itasubiri saini ya benki ambayo huidaiwi tena hata senti.