Ruwaza Mbili, Lugha Moja

Mwandishi wa programu anapotaka kompyuta ikague maandishi, mathalani namba ya simu aliyojaza mteja, huiandikia ruwaza. Katika ruwaza, alama + humaanisha "mara moja au zaidi". Kwa hiyo a+ hukubali a, aa, aaa na kuendelea, lakini ab huikataa. Maandishi yote yanayokubaliwa na ruwaza, kwa pamoja, huitwa lugha yake. Nadharia hii ilijengwa na mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, katika miaka ya 1950.

Tazama hizi mbili. Alama ^ na $ huelekeza kwamba andiko likaguliwe lote, toka mwanzo hadi mwisho.

```
^(a+)+$
^a+$
```

Ya kwanza inadai fungu moja au zaidi, kila fungu likiwa na a moja au zaidi. Ili kuthibitisha kwamba lugha ni ileile, tunavuka pande zote mbili. Chukua andiko lolote linalokubaliwa na ya kwanza: ni mafungu ya a yaliyoungana, na ukiyaunganisha unapata a tupu, angalau moja, basi ya pili inalikubali. Sasa rudi upande wa pili. Andiko lolote la a tupu tunalihesabu kuwa fungu moja, na ya kwanza inalikubali. Hakuna andiko lililobaki nje, hata liwe refu kiasi gani.

Kwa nini basi tusumbuke kufupisha? Kwa sababu ya muda. Mpe Python ruwaza ya kwanza na andiko lenye a 30 zikifuatwa na b. Jibu ni "hapana", lakini Python hulitafuta kwa kujaribu mgawanyo mmoja, ukishindikana inarudi nyuma na kujaribu mwingine. Kati ya a moja na inayofuata kuna nafasi 29, na kila nafasi inaweza kukatwa au kuachwa, hivyo a hizo zinagawanyika kwa njia 536,870,912. Ukiongeza a moja tu, idadi inakuwa maradufu. Seva inaweza kukwama kwa andiko fupi kuliko sentensi hii. Ruwaza ya pili haina cha kugawanya, nayo hujibu papo hapo.

Ila si kila ufupisho ni halali. Wengi hushawishika kuamini kwamba hizi pia ni sawa, alama | ikimaanisha "au":

```
^(a|b)+$
^(a+|b+)$
```

Upande mmoja unasimama: kila kinachokubaliwa na ya pili, ya kwanza inakikubali. Upande wa pili unavunjwa na ab, kwani ya pili haichanganyi herufi. Mfano mmoja kama huo unatosha kukanusha usawa, ilhali mifano elfu inayokubaliana haitoshi kuuthibitisha. Ruwaza zikiwa ndefu kiasi cha kutoweza kuzifuata kwa macho, kila moja hugeuzwa kuwa mashine ya hali, kisha mashine hiyo hupunguzwa mpaka ibaki na hali chache kabisa. Mashine mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa majina ya hali zake, lugha ni moja.