Kwa nini mara 29?

Amplifaya hii hugeuza ishara kwa nyuzi 180. Jozi tatu za kapasita na rezista huigeuza nyuzi 180 nyingine, ikarudi mlangoni ikilingana na ilivyoanza. Tatizo ni kwamba njiani inapungua. Jozi zisingesumbuana, kila moja ingeipunguza nusu, ikabaki 1/8. Kumbe kila jozi hunyonya mkondo wa iliyotangulia, na inabaki 1/29 tu.

Tumia kapasita za nanofaradi 10 na rezista za kiloomu 10, ya tatu ikiingia kwenye amplifaya: mlio ni takriban hezi 650. Rezista ya kurudisha ishara ikiwa kiloomu 270, ukuzaji ni 27 na mlio hufifia hadi kuzimika. Weka 330, mlio utadumu. Ukizidisha sana, vilele vya wimbi hukatwa.