Joto la methani: kwa nini hesabu mbili hazikubaliani?

Methani ndiyo gesi inayowaka katika biogesi ya samadi. Moli 1 ikiungua yote, hutoa joto kiasi gani? Ukikokotoa kwa bondi unapata kilojuli 814. Ukikokotoa kwa mzunguko wa enthalpi unapata 891. Wanafunzi wengi hujibu haraka kwamba thamani za bondi ni za wastani. Ni kweli, ila hapa wastani si mkosaji mkuu.

Mmenyuko wenyewe ni huu: CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O. Kuvunja bondi hula nishati. Bondi nne za C–H, kila moja 413, zinadai 1652. Molekuli mbili za oksijeni, kila moja 498, zinadai 996. Jumla ni 2648. Kuunda bondi hurudisha nishati: mbili za C=O, kila moja 805, na nne za O–H, kila moja 463, zinatoa 3462. Baki ni 814.

Njia ya pili inasimama juu ya sheria aliyoitangaza Germain Hess mwaka 1840: joto la mmenyuko halitegemei njia iliyopitiwa, bali mwanzo na mwisho wake. Basi tunairudisha methani kuwa kaboni na haidrojeni, jambo linalogharimu 75, kisha tunaunda kaboni dioksidi (394) na maji (286 mara mbili, yaani 572). Ukitoa gharama ile, unabaki na 891.

Angalia maji. Thamani za bondi hupimwa kwa gesi, kwa hiyo hesabu ya kwanza inaishia kwenye mvuke. Ile 286 ni ya maji kimiminika. Mvuke ukitonesha hutoa takribani 44 kwa moli, hivyo moli mbili ni 88. Ziondoe katika 891, zinabaki 803.

Sasa hesabu ya bondi imezidi kwa 11, na hapo ndipo wastani unapoingia. Kung'oa haidrojeni ya kwanza kwenye methani hudai takribani 439, ya mwisho 338 tu. Zote nne pamoja ni 1663, si 1652. Tofauti ni 11 ileile. Kumbe makosa mawili yalikuwa yakivutana: maji yalipunguza jibu kwa 88, wastani ukaliongeza kwa 11, ikaonekana pengo la 77 tu.

Wastani unaweza kuumiza zaidi. Majedwali mengi huandika C=O kuwa 743, thamani inayofaa ketoni kama asetoni. Ukiitumia kwa kaboni dioksidi, ambamo bondi hiyo ina nguvu zaidi, jibu huanguka hadi 690. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, soma jedwali limeitaja molekuli gani, kisha tazama kama maji yameandikwa (g) au (l).