Mkojo Mweusi wa Asubuhi

Mwaka 1882 daktari Mjerumani Paul Strübing aliandika habari za fundi wa mikokoteni mwenye umri wa miaka 29, aliyechoka kupita kiasi, akiumwa tumbo na kukojoa mkojo mweusi. Baada ya shambulio kali, hata majimaji ya damu yake yalikuwa mekundu. Strübing akatambua kwamba seli nyekundu zilikuwa zikipasuka ndani ya mishipa, wala si kwenye figo. Kilichozipasua hakukijua.

Ni kinga ya mwili wenyewe. Katika damu huelea protini ziitwazo komplementi, ambazo kazi yake mojawapo ni kutoboa bakteria. Hizi ni kama mbwa wa ulinzi asiyefungwa: humrukia yeyote, hata mwenye nyumba, asipomtambua. Seli zetu husalimika kwa protini mbili zilizo juu ya ngozi yake. CD55 huvunja shambulio likiwa bado changa, na CD59 huzuia tundu lisikamilike.

Protini hizo hushikiliwa na nanga ndogo ya mafuta na sukari. Jeni PIGA, inayohitajika kuitengeneza, ikiharibika katika seli mama moja tu ya uboho, vizazi vyote vya seli hiyo huzaliwa bila nanga, hivyo bila ulinzi. Hitilafu hii hutokea baada ya mtu kuzaliwa; hairithiwi wala haiambukizi.

Madaktari huuita ugonjwa huu PNH, na herufi ya kati husimamia usiku. Jina hilo linapotosha kidogo, maana seli hupasuka mchana na usiku. Mkojo uliokusanyika usiku kucha ndio huwa mzito, kwa hiyo weusi huonekana zaidi asubuhi.

Ajabu ni kwamba damu inayopungua hivyo huganda pia. Himoglobini iliyomwagika hufyonza nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa na kutuliza chembe sahani, zile za kugandisha damu. Mishipa hujikaza, na chembe sahani, ambazo nazo hazina ulinzi, huchokozwa na komplementi. Damu huweza kuganda mahali pasipo pa kawaida, mathalani kwenye mishipa inayotoa damu ini. Ini huvimba na tumbo kujaa maji. Wagonjwa wasiotibiwa huuawa zaidi na damu iliyoganda kuliko na upungufu wa damu.

Kwetu mkojo wa namna hii huweza kudhaniwa malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Dokezo ni hili: kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu, lakini kwenye darubini seli nyekundu hazionekani. Uthibitisho hutoka kwenye mashine inayohesabu seli zisizo na protini hizo. Seli nyeupe nazo hupimwa, kwani nyekundu zenye kasoro huwa zimeshapasuka, au zimechanganyika na damu ya kuongezewa.

Tangu 2007 ipo ekulizumabi, dawa ya mshipani ghali mno, inayozuia C5, protini ya komplementi inayoanzisha utoboaji. Hupunguza sana upasukaji na kuganda kwa damu. Lakini utoboaji huohuo ndio hutukinga na bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mgonjwa huchanjwa kwanza, na hata baada ya chanjo, homa yoyote ni sababu ya kukimbilia hospitali bila kungoja kesho.